Bureti Haipimi Jiwe

Hapa Lamu, kila mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, naletewa madaftari yenye kosa lile lile katika jaribio la kupima usafi wa jiwe la chokaa: jiwe huyeyushwa kwa asidi iliyozidi, kisha asidi iliyobaki hupimwa kwa alkali kutoka bureti. Mwanafunzi kasoma bureti, kauchukua ujazo wa sodiamu haidroksaidi na kuugeuza moja kwa moja kuwa kalsiamu kabonati. Nikimwuliza sababu, hujibu: "Si ndiyo iliyofanya kazi na jiwe, mwalimu?" Siyo! Jiwe lilishamalizwa na asidi. Alkali imekuja kupima asidi iliyosalia tu.

Chukua unga wa jiwe la matumbawe la Maweni, kule Manda, gramu 1.00. Mimina HCl ya 0.500 M, sentimita za ujazo 50.0, yaani moli 0.0250. Povu likitulia, chemsha kidogo, poza, kisha ongeza maji yaliyotoneshwa hadi 250. Chota 25.0 kwa pipeti, utie fenolfthalini. Tuseme NaOH ya 0.100 M iliyotumika hadi rangi igeuke ni 6.4. Hiyo ni moli 0.00064 za asidi katika ulichochota, na 0.0064 katika mchanganyiko wote. Asidi iliyoliwa na jiwe basi ni 0.0250 kutoa 0.0064, yaani 0.0186. Kila moli ya kabonati hula moli mbili za asidi, kwa hiyo kabonati ni moli 0.0093, au gramu 0.93. Usafi ni asilimia 93. Yule wa njia ya mkato angepata asilimia 32, na jiwe zuri la chokaa lingeonekana mchanga mtupu.

Kwa vipimo hivi, kabonati safi kabisa ingetumia 5.0 tu za NaOH, na mchanga usioingiliana na asidi ungetumia 25.0. Bureti ikishuka sana, jiwe ni bovu. Ndiyo maana nawalazimisha waandike "asidi yote" na "asidi iliyobaki" juu ya ukurasa kabla ya kugusa kikokotoo. Wananuna, lakini wanapata.

Wengine hudai kuchemsha ni kupoteza gesi. Ndiyo tunayotaka ipotee! Kaboni dioksaidi iliyobaki majini hula NaOH kabla fenolfthalini haijageuka, ukadhani asidi iliyosalia ni nyingi na jiwe ni chafu kuliko lilivyo.

Na hiyo asilimia 93 huenda si kalsiamu kabonati pekee. Magnesiamu kabonati nayo hula asidi, na kwa kuwa moli yake ni gramu 84 badala ya 100, huweza kulikweza jibu.

Ukipima kwa njia hii hii vidonge vya kutuliza kiungulia vyenye alumini haidroksaidi, usitumie fenolfthalini. Kabla ya rangi ya waridi, alumini hushuka tena kama utelezi mweupe na kula alkali yako. Tumia methili oranji.