Mbona kila altrasaundi inanipa tarehe tofauti? Kusoma vipimo vya mtoto tumboni

Mama mjamzito akifika kliniki na ripoti tatu za altrasaundi, mara nyingi huwa na tarehe tatu za kujifungua. Ya kwanza inasema katikati ya Septemba, ya pili inakaribiana nayo, ya tatu imesogea hadi Oktoba. Nyumbani wanaifuata ya tatu kwa sababu ndiyo mpya. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwani kwa umri wa mimba ripoti ya zamani ndiyo yenye nguvu kuliko mpya.

Mashine haijui umri wa mtoto. Inachofanya ni kupima urefu wa kitu fulani mwilini mwake, kisha kutazama kwenye chati iliyohifadhiwa ndani yake: watoto wenye kipimo hiki kwa kawaida wana wiki ngapi? Jibu linaandikwa kwenye ripoti kama GA, yaani umri wa mimba, kwa mfano 12w3d, wiki 12 na siku 3. Kutoka hapo inahesabu mbele hadi wiki 40 na kuandika EDD, tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Hesabu hii inafaa tu pale ambapo watoto wote wa umri mmoja wana ukubwa unaokaribiana, na hali hiyo ipo mwanzoni mwa mimba. Kadiri miezi inavyosonga, wengine wanakuwa wakubwa na wengine wadogo, kama vile usivyoweza kukisia umri wa mtu mzima kwa kutazama kimo chake.

Kwa hiyo kila altrasaundi ina swali lake.

Ile ya miezi mitatu ya kwanza inauliza: mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi au nje yake? Mtoto ni mmoja au ni mapacha, na kama ni mapacha, wana kondo moja au mawili? Moyo unapiga? Kisha inapima CRL, urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalioni. Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote vya kujua umri. CRL ya milimita 60 ni kama wiki 12 na siku 3, na kosa lake kwa kawaida halizidi siku tano hadi saba. Kama hesabu ya hedhi ya mwisho inapishana na CRL kwa zaidi ya hapo, tarehe hurekebishwa kufuata CRL, mara hiyo moja tu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apate angalau altrasaundi moja kabla ya wiki 24, na kupata umri sahihi ni moja ya sababu zake.

Hapa kuna jambo linaloumiza wanawake bila sababu. Mama amepimwa mapema sana, ameambiwa moyo hauonekani, na ameandikiwa kusafishwa siku hiyohiyo. Kwa kipimo cha kupitia ukeni, mtoto asiyefika milimita 7 anaweza kuwa mzima na moyo wake usionekane bado. Vilevile mfuko wa mimba ulio chini ya milimita 25 unaweza kuonekana mtupu na baadaye mtoto akaonekana. Chini ya vipimo hivyo, kama mama hatoki damu nyingi wala hana maumivu makali, jibu sahihi ni kurudia baada ya wiki moja au mbili. Muulize mpimaji milimita ni ngapi kabla ya kukubali uamuzi wowote.

Altrasaundi ya pili, kati ya wiki 18 na 22, ni ya kukagua maumbile: fuvu na ubongo, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, tumbo la chakula, figo, kibofu, ukuta wa tumbo, mikono na miguu. Haioni kila kitu. Baadhi ya kasoro za moyo hujificha, na tatizo la kromosomu linaweza kukaa ndani ya mtoto anayeonekana kawaida kabisa. Pia inatazama kondo la nyuma liko umbali gani na mlango wa kizazi. Likiwa chini ya milimita 20, ripoti itasema limekaa chini, na wengi huanza kuhofia upasuaji. Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi bado itanyooka sana, na makondo mengi hujikuta yamepanda. Linatazamwa tena karibu na wiki 32. Mtoto kutanguliza makalio katika umri huu wala si habari. Ana nafasi ya kugeuka mara nyingi.

Ya miezi ya mwisho inauliza swali jingine kabisa: mtoto anakua inavyopasa? Vipimo vinavyoonekana ni vinne. BPD ni upana wa kichwa kutoka upande hadi upande. HC ni mzunguko wa kichwa. AC ni mzunguko wa tumbo. FL ni urefu wa mfupa wa paja. Mashine inavichanganya kupata EFW, makadirio ya uzito. Usishtuke BPD ikiwa ndogo peke yake, hasa kwa mtoto aliyekaa makalio chini, kwani kichwa chake huwa kirefu na chembamba. HC ndiyo inasema ukweli zaidi hapo.

Kipimo kinachobeba habari nyingi ni AC. Duara lake hupita kwenye ini, na ini la mtoto ndiyo ghala la sukari yake. Kondo likishindwa kumpa chakula cha kutosha, mwili wake huelekeza damu kwenye ubongo kwanza. Kichwa kinaendelea kukua, akiba kwenye ini inapungua, tumbo linabaki dogo. Kwa mama mwenye kisukari mara nyingi huwa kinyume chake, tumbo linapita kichwa. Lakini AC ndiyo pia rahisi kukosea: mpimaji akikata picha kimshazari badala ya kukata duara kamili, namba inabadilika.

Tuchukue mfano mmoja niliouandaa ili namba zieleweke. Mama alipimwa tarehe 10 Machi 2025. CRL ilikuwa milimita 60, umri 12w3d, EDD 19 Septemba. Tarehe 5 Mei alipaswa kuwa 20w3d na mashine ikasema 20w1d. Tofauti ya siku mbili haina maana yoyote. Tarehe 28 Julai alirudi, safari hii kwa mpimaji mwingine, bila ripoti ya kwanza mkononi. Akapata haya:

BPD milimita 80, sawa na wiki 32.
HC milimita 290, nayo wiki 32.
FL milimita 59, karibu wiki 31.
AC milimita 240, wiki 28 na siku chache.
EFW gramu 1,445.

Mashine ikachukua wastani wa hizo nne na kuandika 30w5d, EDD 1 Oktoba. Kwa mtoto wa umri huo, kwenye chati ya Hadlock inayotumiwa na mashine nyingi, mstari wa kumi uko karibu na gramu 1,400. Mstari wa kumi maana yake ni kwamba katika watoto mia wa umri huo, kumi wako chini yake. Mtoto huyu yuko juu kidogo ya mstari, ripoti inaandika kwamba ukuaji ni wa kawaida, mama anarudi nyumbani.

Sasa rudisha tarehe ya kwanza. Kutoka 10 Machi hadi 28 Julai ni wiki 20 kamili. Wiki 12 na siku 3 ukiongeza 20 ni wiki 32 na siku 3, na hakuna namna mimba ikapunguza siku zilizokwisha kupita. Kwa umri huo mstari wa kumi uko karibu na gramu 1,700. Makadirio ya uzito hukosea asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo mtoto huyu anaweza kuwa na kitu kati ya gramu 1,230 na 1,660. Hata tukimpa upande wa juu kabisa bado yuko chini ya mstari. Na ukitazama mpangilio, kichwa kinafuata umri wake huku tumbo limebaki nyuma wiki nne. Ni picha ya mtoto ambaye huenda kondo halimlishi vizuri. Namba ni zilezile. Tarehe mpya ndiyo iliyomficha.

Mtoto kama huyu anahitaji daktari wa wajawazito siku zilezile: kupima presha ya mama na protini kwenye mkojo, kupima mtiririko wa damu kwenye kamba ya kitovu kwa Dopla, yaani altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, kutazama kiasi cha maji. Maji hupimwa kwa kina cha dimbwi kubwa zaidi, na kati ya sentimita 2 na 8 ni kawaida. Ukuaji wenyewe haurudiwi kupimwa kabla ya wiki mbili kupita, kwani kwa muda mfupi zaidi kosa la kipimo linakuwa kubwa kuliko ukuaji unaotafutwa.

Ni kweli pia kwamba wapo watoto wadogo walio wazima. Mtoto wa wazazi wadogo wa umbo, anayefuata mstari wake uleule kipimo hadi kipimo, mwenye maji ya kutosha na Dopla nzuri, kwa kawaida ni mdogo tu. Wapo pia wanaosema chati za nje hazitufai sisi. Lakini mradi wa INTERGROWTH-21st, uliotoa chati zake mwaka 2014, ulipima wanawake wenye afya katika miji minane, Nairobi na Maskati zikiwemo, na watoto wao walikua kwa namna inayofanana sana. Udogo usisingiziwe kabila haraka.

Linabaki suala la mama anayepimwa kwa mara ya kwanza akiwa na miezi saba, na hao ni wengi kwetu. Hapo kosa la umri ni hadi wiki tatu kila upande. Kama anaikumbuka hedhi yake ya mwisho vizuri na tofauti haizidi siku 21, tarehe ya hedhi inashikiliwa. Kama haikumbuki, kipimo kimoja hakiwezi kutofautisha mtoto ambaye mimba yake bado ni changa na mtoto aliyedumaa. Njia iliyopo ni kurudia baada ya wiki mbili au tatu na kuangalia ameongezeka kiasi gani: mtoto ambaye ana umri mdogo tu ataongeza wiki tatu za ukuaji ndani ya wiki tatu, aliyedumaa hatafikisha. Kwa wengine wote, ombeni EDD ya kipimo cha kwanza iandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu, pamoja na CRL na tarehe ya kupimwa, ili mpimaji wa mwezi wa nane aingize tarehe hiyo kwenye mashine kabla hajaanza kupima.