Vidoa vyeupe kwa MRI ya mzazi wako: sisi tunaangalia nini

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea mamake, miaka 67, wametoka Kayole asubuhi na mapema, na kabla hata hawajakaa vizuri ashaniwekea ripoti mezani. Amepiga mstari kwa biro nyekundu pale wameandika kuna vidoa vyeupe vingi na mabadiliko ya mishipa midogo ya damu. Siku tatu hajalala. "Daktari, niambie ukweli, ubongo wa mama unaoza?" Na mama mwenyewe ameketi hapo anatuangalia.

Hauozi. Hiyo rangi nyeupe ndio inatisha watu, kwa hivyo naanza nayo. Kuna aina ya picha ya MRI inaitwa FLAIR, pale mashine inayafanya maji ya kawaida yaliyo kwenye vyumba vya ndani ya ubongo yaonekane meusi, sasa popote pale nyama ya ubongo imeshika maji kidogo zaidi ya kawaida panang'aa. Kidoa ni mahali nyaya za ubongo zimechakaa kidogo na unyevu ukaingia, si uvimbe, na si lazima kuwe na shimo.

Zinachakaa kwa nini? Fikiria mtaa ulio mwisho kabisa wa laini ya maji, presha ya maji ikiwa mbaya ama paipu ikishika kutu, wao ndio wanaumia kwanza na hakuna laini ingine ya kuwasaidia. Ndani kabisa ya ubongo kuko hivyo. Vimishipa vya huko ni vyembamba sana, vinaishia huko peke yake, na presha ya damu ikivigonga miaka na miaka kuta zake zinakuwa nene na ngumu, damu inapita kidogo, zingine zinavuja kidogo. Umri nao unafanya hivyo hivyo hata bila presha, sukari na sigara zinaongeza.

Sasa wasiwasi uwe kiasi gani. Uholanzi, Rotterdam, walipiga picha watu wa miaka 60 hadi 90 na karibu 5 tu kwa kila 100 ndio hawakuwa na kidoa hata kimoja. Kwa hivyo swali si kama viko, swali ni vingapi kwa umri huo na vimeungana ama bado. Tunatumia kipimo cha Fazekas, cha tangu 1987: sifuri hakuna, 1 ni nukta nukta, 2 zimeanza kushikana, 3 zimekuwa bonge moja kubwa. Mama alikuwa 1. Kwa miaka 67 hiyo hainikoseshi usingizi.

Mwenye 3 ni hadithi nyingine. Huyo namwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani na mara nyingi naona hatua fupi, miguu kama imegandishwa sakafuni, familia inakuambia amekuwa mpole na mwenye kuchelewa kujibu, mkojo unamkimbiza. Hapo nina wasiwasi wa kweli, manake hatari ya kushindwa kujitegemea ni zaidi ya mara mbili ya mwenye vidoa vichache.

Mama alitembea vizuri kabisa. Na kizunguzungu kilichomfanya apigwe picha kilikuwa kinakuja akigeuka kitandani tu, dakika moja kinaisha, nikamlaza nikageuza kichwa macho yakaanza kucheza. Ni sikio la ndani. Vidoa havikuhusika, na hili naliona mara nyingi sana, picha inabebeshwa lawama ya kitu kingine.

Kilichonishtua mimi ni presha, 162/94 akiwa ameketi. Nikamsimamisha dakika tatu nikapima tena, 158/92, haikushuka, kwa hivyo naweza kuongeza dawa bila kuogopa ataanguka. Kumbe ile dawa yake ya presha alikuwa anameza siku kichwa kinauma tu! Kijana akaniambia pia jirani alisema aanze asprini ndio mishipa ifunguke, nikamkataza. Kwa mtu ambaye hajawahi kupata stroku na hana shida ya moyo, vidoa peke yake si sababu ya asprini, inaweza kumletea kutokwa na damu.

Presha ndio tunaweza kuishika. Marekani walilinganisha wazee walioshushiwa ile namba ya juu chini ya 120 na wale wa chini ya 140, baada ya karibu miaka minne vidoa viliongezeka kwa wote, ila polepole zaidi kwa wale wa 120. Vilivyoko havifutiki, nilimwambia mama hivyo waziwazi.

Mkono au mguu ukilegea ghafla, mdomo ukienda upande, maneno yakikwama, huo ni stroku, usingoje kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mama ameenda na kijitabu, atapima presha asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba mfululizo kabla turudiane. Namba ninayotaka kuona nyumbani ni chini ya 130/80. Kijana aliniuliza turudie MRI lini, nikamwambia kwa sasa sina sababu ya kuirudia, hiyo pesa anunue mashine ya presha ya kufunga mkononi juu ya kiwiko.