Ramani inayovuja: dhana potofu kuhusu kutengeneza ramani za Team Fortress 2 kwa Hammer

Hammer ndicho kihariri rasmi cha Valve, na aliye na Team Fortress 2 hana haja ya kukitafuta mbali, kwani kimo ndani ya folda ya gemu yenyewe, kwenye `bin`. Wanaoanza hukwama sana mahali pawili: ramani inavuja, au inakubali kwa aliyeitengeneza na kuwagomea wengine wote. Tuchukue mfano wa ramani moja ndogo, `koth_bandari_a1`, yenye maghala mawili na uwanja katikati ambako timu mbili zinagombea kituo kimoja.

Dhana: ikionekana sawa ndani ya Hammer, imekwisha.

Hammer huhifadhi faili la `.vmf`, na hilo ni mchoro tu. Gemu haiwezi kulicheza. Ukibonyeza F9, kisha OK kwenye dirisha linalofunguka, zinaanza programu tatu, moja baada ya nyingine. `vbsp` hugeuza brashi, yaani yale matofali uliyochora, kuwa kuta na sakafu za kweli. `vvis` hukokotoa, kwa kila sehemu ya ramani, ni sehemu zipi nyingine zinaweza kuonekana kutoka hapo. `vrad` hupiga mwanga na vivuli. Zikimaliza unapata `.bsp`, na hilo ndilo faili linalochezwa. Maandishi yanayopita dirishani wakati huo yasome kila mara, hata kama ramani imefunguka bila tatizo, kwa sababu ramani inayovuja nayo hufunguka.

Dhana: ramani ikivuja, izungushie kisanduku kikubwa cha anga.

Huu ndio ushauri unaoharibu ramani nyingi kuliko mwingine wowote. Ramani inapaswa kufungwa pande zote, juu na chini, na nje yake kuwe na utupu. Kukiwa na upenyo, hata wa yuniti 1 kati ya ukuta na paa, `vbsp` haiwezi tena kutofautisha ndani na nje. Utaona hivi:

```
**** leaked ****
Entity info_player_teamspawn (-512.00 896.00 16.00) leaked!
```

Kisha `vvis` italalamika kuwa haioni faili la `.prt`, kwa sababu halikuandikwa. Matokeo yake gemu haijui kipi kimefichwa nyuma ya ukuta, inajaribu kuchora ramani nzima kila wakati, na kompyuta inaanza kusuasua. Maji nayo huenda yasionekane kabisa.

Ukizungushia kisanduku kikubwa, onyo linatoweka ila tatizo linabaki. Migongo ya kuta, ambayo `vbsp` ingeiondoa kwa sababu inatazama utupu, sasa inahesabiwa kuwa ya ndani: inabaki, inapigiwa mwanga, na inaongeza ukubwa wa faili. Lile eneo kubwa tupu kati ya kisanduku na maghala nalo linamwangukia `vvis`, na kazi ya dakika chache inageuka kuwa ya saa nyingi. Anga iwekwe juu ya uwanja tu, kwa brashi zenye `tools/toolsskybox`, zikigusana barabara na kuta.

Njia sahihi ni kuutafuta upenyo. Fungua menyu ya Map, chagua Load Pointfile, na mstari mwekundu utatokea ukianzia kwenye kitu kilichotajwa na kuishia utupuni. Ufuate polepole kwenye dirisha la 3D. Pale unapotoka nje ya jengo ndipo palipo na tundu.

Katika ramani yetu ya bandari mstari unapita katikati ya ukuta wa ghala ulio mzima kabisa, hauna hata ufa. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Sababu ni kwamba ukuta ule uligeuzwa kuwa `func_detail`, baada ya mtengenezaji kusikia kuwa unaharakisha kazi ya `vvis`. Ni kweli unaharakisha, lakini umekusudiwa nguzo, ngazi na fremu za madirisha, kwa sababu `func_detail` haizibi. Milango, modeli na ardhi ya mabonde na vilima iliyochorwa kwa displacement hazizibi pia. Ni brashi za kawaida peke yake zinazotenga ndani na nje. Basi uchague ukuta ule, bonyeza kitufe cha toWorld, kisha jenga upya. Kama ni ardhi ya displacement, weka chini yake brashi ya `tools/toolsnodraw`. Mchezaji haioni, na inaziba.

Onyo likirudi baada ya marekebisho usidhani umekosea. `vbsp` hutaja upenyo mmoja kwa mara moja, kwa hiyo pakia pointfile mpya na ufuate mstari mpya. Mara nyingine mstari ni mfupi mno na uko nje kabisa: kuna taa au kitu kingine ulichokisahau utupuni. Kifute. Ili kupunguza nyufa tangu mwanzo, chora kuta kwenye gridi ya 16 au zaidi. Gridi ya 1 iache kwa urembo.

Kuhakikisha, ingia kwenye ramani, fungua konsoli, andika `sv_cheats 1` na kisha `mat_wireframe 1`. Ukiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha unapaswa kuona mistari ya chumba hicho na ya jirani zake. Ukiona bandari yote, bado inavuja.

Dhana: nikimtumia mtu `.bsp`, nimemtumia kila kitu.

Ukitumia vitu vya gemu yenyewe pekee, ni sawa. Ukiongeza picha yako, tuseme bango la ghala, faili zake za `.vmt` na `.vtf` ziko kwenye kompyuta yako tu. Wewe utaliona bango. Mwenzako ataona miraba ya zambarau na nyeusi, na mahali pa modeli iliyokosekana ataona neno ERROR. Zipakie ndani ya ramani:

```
bspzip -addlist koth_bandari_a1.bsp orodha.txt tayari\koth_bandari_a1.bsp
```

Ndani ya `orodha.txt` kila faili lina mistari miwili: wa kwanza ni njia yake kama gemu inavyoisoma, kuanzia `materials/`, na wa pili ni mahali lilipo kwenye diski. Kabla ya kusambaza, badilisha kwa muda jina la folda yako ya vitu vya ziada, kisha ucheze ramani. Bango likibaki, umepakia vizuri.

Dhana: marekebisho madogo hayahitaji jina jipya.

Mtu mwenye toleo la jana akiingia kwenye seva yenye toleo la leo kwa jina lile lile, atafukuzwa na ujumbe kuwa ramani yake inatofautiana na ya seva. Kila toleo unalotoa lipe jina lake: a1, a2, baadaye b1, kisha rc1. Ila usibadilishe jina la `.bsp` lililokwisha jengwa, kwani mng'ao wa vioo na chuma umehifadhiwa ndani kwa njia yenye jina la zamani na utapotea. Hifadhi `.vmf` kwa jina jipya, jenga upya, na uendeshe tena `buildcubemaps` kwenye konsoli kabla ya kupakia.

Dhana: boti zitajua njia zenyewe.

Hazijui. Zitasimama tu pale zilipozaliwa mpaka uandike `nav_generate` ukiwa na `sv_cheats 1`. Faili la `.nav` litakalotokea linahitajika kwenye seva tu, kwa hiyo mpe mwenye seva pamoja na `.bsp`, na ulitengeneze upya kila unapohamisha ukuta au ngazi.