Nani mrefu kuliko nani? Pale vidokezo visipotosha kupanga watoto watano

Amani ni mfupi kuliko Neema. Zawadi ni mrefu kuliko Neema. Baraka ni mfupi kuliko Furaha. Furaha ni mfupi kuliko Zawadi. Wapange watoto hawa watano, kuanzia mfupi kuliko wote mpaka mrefu kuliko wote.

Wazazi hapa Goma wanaosaidia watoto kufanya devwari wanakutana na maswali ya namna hii mara kwa mara, na sisi tunaofundisha walimu wa hisabati tunaulizwa jibu lake. Swali la hapo juu nimelitunga likiwa na kasoro ndani yake, kwa makusudi. Kabla ya kusoma zaidi, chukua karatasi ulijaribu.

Kitu cha kwanza ni kugeuza vidokezo vyote vitazame upande mmoja. Mtoto akisikia "Zawadi ni mrefu kuliko Neema", mkono wake unaandika Zawadi kwanza kwa sababu ndilo jina alilolisikia kwanza. Kidokezo kilichotangulia kilianza na aliye mfupi, hiki kimeanza na aliye mrefu, na hapo ndipo mpangilio unapoharibika. Tukubaliane kwamba mfupi anakaa kushoto daima, na tutumie herufi ya kwanza ya kila jina:

A < N
N < Z
B < F
F < Z

Sasa tunaunganisha. N imeonekana mwishoni mwa mstari wa kwanza na mwanzoni mwa mstari wa pili, kwa hiyo tunapata A < N < Z. Hakuna aliyetuambia lolote kuhusu Amani na Zawadi, lakini tunajua kwa hakika kwamba Amani ni mfupi kuliko Zawadi. Ndiyo ile kanuni ambayo walimu waliosoma kwa Kifaransa huiita tranzitivite: ikiwa a < b na b < c, basi a < c. Vivyo hivyo mistari miwili ya mwisho inatupa B < F < Z.

Wengi wakifika hapa wanafanya haraka. Wana minyororo miwili mizuri, wanaipanga mmoja baada ya mwingine, wanaandika A, N, B, F, Z na kufunga daftari. Muulize mtoto: "Umejuaje kwamba Neema ni mfupi kuliko Baraka?" Atatazama ubao, atarudia vidokezo kimoja kimoja kwa sauti, kisha atanyamaza. Hakuna kidokezo kinachosema hivyo, wala hakuna njia ya kutoka N kwenda B kwa kufuata alama. Minyororo hiyo inakutana kwa Zawadi tu, huko juu. Kwamba Neema na Baraka wote wawili ni wafupi kuliko Zawadi hakutuambii chochote kuhusu wao wenyewe.

Tuhesabu basi ni mipango mingapi inayokubaliana na vidokezo vyote vinne. Zawadi yuko mwisho, hilo halina mjadala. Wanne waliobaki wanaweza kupangwa hivi:

A N B F
A B N F
A B F N
B A N F
B A F N
B F A N

Ni mipango sita, na yote ni sahihi sawasawa. Mtunzi akiuliza "Nani mrefu kuliko wote?", swali lake lina jibu moja. Akiuliza "Nani mfupi kuliko wote?", jibu la haki ni kwamba ni Amani au Baraka, na vidokezo haviwezi kuamua kati yao. Kwa maoni yangu mwanafunzi anayeandika "haijulikani" na kueleza kwa nini anastahili alama zote, hata kama karatasi ya majibu ya mwalimu inasema vingine.

Tuongeze kidokezo cha tano, lakini tukichague vizuri. Tukisema "Amani ni mfupi kuliko Baraka", mipango mitatu ya mwisho inaanguka na mitatu ya kwanza inabaki. Tumepiga hatua, ila hatujamaliza. Tukisema badala yake "Neema ni mfupi kuliko Baraka", mambo yanabadilika: A < N, N < B, B < F, F < Z. Mpango ni mmoja tu, A, N, B, F, Z. Ukitazama vizuri utaona kwamba kidokezo cha zamani, N < Z, sasa hakina kazi tena, maana tunakipata kwa kupitia B na F.

Kwa nini kidokezo kimoja kinamaliza kazi na kingine hakimalizi? Tazama majirani. Ukishapata mpango, shika watu wawili waliosimama bega kwa bega na utafute kidokezo kinachowalinganisha moja kwa moja, hao wawili wenyewe. Kama hakipo, wabadilishane nafasi. Kwa kuwa hakuna mtu katikati yao, kubadilishana huko hakugusi ulinganisho mwingine wowote. Vidokezo vyote vinabaki kweli, nawe umepata mpango wa pili. Kwa hiyo mpango unakuwa wa pekee pale tu kila jozi ya majirani ina kidokezo chake. Watu watano wana jozi nne za majirani, hivyo vidokezo vinne ndicho kiasi cha chini kabisa. Swali letu la mwanzo lilikuwa navyo vinne, lakini kimoja hakikuwa cha majirani: N < Z kiliruka juu ya wengine, huku N na B wakibaki bila kitu.

Upo pia ubovu wa upande wa pili, nao unajitambulisha upesi. Mtu akiongeza "Zawadi ni mfupi kuliko Amani", fuata alama kutoka A: A < N < Z < A. Umerudi kwenye jina lile lile, yaani Amani ni mfupi kuliko yeye mwenyewe. Hapo usiendelee kuhangaika. Vidokezo vinagombana na swali lirudishwe kwa aliyelitunga.

Mwalimu anayetaka kutunga lake aanzie kwenye jibu. Chukua milima minne ya Virunga ambayo watoto wa Goma wanaijua kwa majina. Andika kidokezo kwa kila jozi ya majirani, geuza baadhi, kisha vichanganye: Mikeno ni mrefu kuliko Nyiragongo, Karisimbi ni mrefu kuliko Mikeno, Nyamulagira ni mfupi kuliko Nyiragongo. Darasa litapata Nyamulagira < Nyiragongo < Mikeno < Karisimbi bila kuona tarakimu hata moja. Baadaye waandikie urefu wenyewe: mita 3,058, mita 3,470, mita 4,437 na mita 4,507. Mpango unathibitika, na papo hapo darasa linaona kitu ambacho mnyororo haukuweza kusema. Kati ya Nyiragongo na Mikeno kuna mita 967, kati ya Mikeno na Karisimbi kuna mita 70 tu, na alama iliyoandikwa katikati yao ilikuwa ni ile ile.