Mdhamini kanunua sekunde 50, mpe ripoti ya hizo sekunde 50

Wengi ninaowaona wanatuma skrinshoti ya Views za YouTube kwa mdhamini afu wanasubiri mkataba wa pili. Hiyo haimwambii kitu, anachotaka kujua ni tangazo lake limesikika na nani na wamelisikia mpaka mwisho au wamelikimbia.

Tuchukulie chaneli ya mafundi pikipiki Dar, mdhamini anauza oili, video ni ya dakika 12, tangazo linaanza 2:40 linaisha 3:30. Baada ya siku 28 video ina Views 18,400, ila Unique viewers ni 13,100, na hao ndo watu wenyewe, kwa sababu mtu mmoja anaweza kurudia mara tatu. Kama amedhamini video tatu usijumlishe Unique viewers za zote, wengi ni walewale. Mi nilishajumlisha, jamaa wa masoko akaniuliza hawa ni watu wapya wote? Sikuwa na jibu, tangu siku hiyo kila video naiandikia mstari wake.

Sasa fungua grafu ya retention kwenye YouTube Studio, ile inayoonyesha asilimia ya watazamaji waliobaki kila sekunde, weka kidole 2:40, tuseme inasoma 61%, sogeza mpaka 3:30 inasoma 52%. Zidisha na zile Views 18,400, kwa hiyo tangazo lilianza kuchezwa kama mara 11,224 na likafika mwisho kama mara 9,568, yaani 85% ya walioanza. Ukimpa ile asilimia ya waliomaliza video nzima, labda 31%, ataona kaliwa hela wakati tangazo lake limetazamwa vizuri tu. Kama alilipa 1,500,000, kila tangazo lililofika mwisho limemgharimu kama shilingi 157, namba hiyo hata bosi wake anaielewa.

Ila angalia grafu baada ya 3:30. Ikishuka kwenye tangazo afu ikapanda tena lilipoisha, watu wameliruka wakaenda mbele, usimfiche, mwambie na mshauri tangazo lijalo liingie katikati ya kazi, fundi akiwa anamwaga oili chafu, sio asimame na chupa mkononi.

Kwenye umri na nchi ndo watu wanakosea zaidi. Unaona Tanzania 70%, miaka 25–34 ni 45%, unazidisha unapata 31.5%. Hapana, wa nje wanaweza kuwa na umri tofauti kabisa na wa hapa. Ingia Advanced mode, chuja Geography ibaki Tanzania kwanza, afu ndo ufungue Viewer age. Watazamaji wakiwa wachache YouTube inaficha hizo data, hapo andika wazi kwamba hazikutosha, usibuni. Na chini ya jedwali weka tarehe uliyotoa namba, maana akija kuifungua video mwezi ujao Views zitakuwa zimepanda na ataanza kuuliza mbona hazifanani.