Ukifuta ujumbe wa WhatsApp kwa kila mtu, simu ya mwenzako inabaki na nini?

Katika mafunzo tunayotoa kwa vikundi vya kuweka na kukopa huku Mbeya, swali la kufuta ujumbe haliishi. Wengi wanaamini kwamba ukigusa `Delete for everyone`, WhatsApp inaingia kwenye simu ya mwenzako na kuuondoa. Sivyo inavyofanya kazi, na ukishajua inavyofanya kazi hutashangaa kwa nini wengine bado wameuona.

Ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa kwa siri kutoka simu hadi simu. Ukishafika kwa mpokeaji, nakala inakaa ndani ya simu yake, na kampuni haina mkono wa kuifikia. Kwa hiyo unapofuta kwa kila mtu, simu yako hutuma ujumbe wa pili usioonekana, ambao ni amri: "ondoa ule wa kwanza." Amri hiyo hupita njia ile ile ya mtandao, na kazi ya kufuta hufanywa na WhatsApp iliyomo kwenye simu ya mpokeaji. Amri isipofika, au ikikuta programu isiyotii, ujumbe unabaki. Na WhatsApp haitakuambia kwamba haikufanikiwa.

Tuchukue mfano wa mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo Umalila. Jumanne saa 2:10 usiku anapiga picha ukurasa wa daftari la mikopo, anaandika chini yake "Hawa watano hawajarejesha, tuwafuate Jumamosi," halafu anaituma. Alitaka iende kwenye grupu la kamati, imekwenda kwenye grupu la wazazi wa shule. Saa 2:13 mzazi mmoja anaijibu: "Dada, hii si ya kwetu, au?" Ndipo anashtuka.

Muda wa kufuta anao wa kutosha. Huduma hii ilipoanza mwaka 2017 ulikuwa dakika 7 tu, mwaka uliofuata ukawa saa moja na kidogo, na tangu Agosti 2022 ni takriban siku 2 na saa 12. Kwa mfano wetu mlango unafungwa Ijumaa saa 2:10 asubuhi, ingawa WhatsApp wenyewe husema tu "zaidi kidogo ya siku 2", kwa hiyo usicheze na zile saa za mwisho. Muda unahesabiwa tangu ulipotuma, wala si tangu mwenzako aliposoma. Ukipita, ukibonyeza ujumbe utaletewa `Delete for me` peke yake.

Hapo kwenye `Delete for me` ndipo watu wenye haraka wanapoumia. Anabonyeza ujumbe kwa muda, anagusa alama ya pipa, halafu kidole kinaangukia chaguo hilo. Ujumbe unatoweka kwake, anashusha pumzi, kumbe wazazi wote bado wanao, na yeye hana tena cha kubonyeza ili kuufuta kwao. Likikutokea, tazama chini ya skrini mara moja: kuna neno `Undo` linalokaa sekunde 5. Liguse, ujumbe utarudi, uanze upya.

Kabla hajafuta, mweka hazina wetu angefanya jambo moja ambalo wachache hulikumbuka: abonyeze ule ujumbe, afungue `Info`, na aipige picha skrini. Pale kuna orodha ya waliousoma na orodha ya waliofikiwa tu. Akishafuta, hana tena mahali pa kuitazama orodha hiyo, na ndiyo itakayomwambia nani wa kumpigia simu. Kwenye grupu orodha ya waliosoma huwa na uzito, kwa sababu hata aliyezima tiki za bluu kwenye mipangilio yake huonekana humo. Anayekwepa ni yule aliyesoma maneno kwenye taarifa iliyojitokeza juu ya skrini bila kufungua grupu.

Basi, saa 2:15 anafuta. Kwa wazazi ambao data iko wazi, picha inaondoka na mahali pake panaandikwa `This message was deleted`, pamoja na jina lake na saa aliyotuma. Alama hiyo hawezi kuiondoa kwao. Grupu zima litajua kuna kitu kimefutwa, na maswali hayatakosekana.

Mzazi aliyezima simu tangu jioni kwa kukosa chaji ataiwasha asubuhi, apokee ujumbe na amri yake karibu pamoja. Mara nyingi ataona ile alama tu. Tofauti ni yule aliyepokea picha saa 2:11, kisha akazima data kuokoa bando, au akashuka bondeni kusiko na mtandao. Huyo picha anayo kamili, anaweza kuifungua na kuisoma usiku kucha, mpaka simu yake ishike mtandao tena na kupokea amri. Huku kwetu, kuanzia Umalila hadi Makete, watu wa namna hiyo ni wengi mno kupuuzwa. Lakini bando lina upande wake mzuri pia: ambaye simu yake haipakui picha yenyewe, na hakuigusa, alikuwa na kivuli chenye ukungu tu, na ujumbe ukifutwa hana tena cha kupakua.

Yule mzazi aliyejibu kwa kunukuu amebeba kipande cha ujumbe ndani ya jibu lake. Maneno "Hawa watano hawajarejesha" yataendelea kusomeka pale kwa kila mtu hadi yeye mwenyewe afute jibu lake, kwa hiyo ni wa kwanza kuombwa. Aliyekwisha kuisambaza kwenye grupu jingine ametengeneza ujumbe mpya ulio wake, na amri ya mweka hazina haiugusi.

Kisha kuna nakala zilizo nje ya WhatsApp. Simu ya iPhone iliyowekwa kuhifadhi picha kwenye albamu ya simu hubaki nayo hata mazungumzo yakifutwa. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina `Notification history`, ambayo mwenye simu akiwa ameiwasha mapema hutunza maneno ya taarifa zilizoingia ndani ya saa 24. Picha mara nyingi haimo, ila yale maandishi ya chini yake yanasomeka. Na wanaotumia GB WhatsApp, ambayo si WhatsApp rasmi, wengi wameichagua kwa sababu hiyo hiyo: ina kitufe cha kupuuza amri ya kufuta. Sisi hatushauri mtu aiweke, maana WhatsApp hufungia namba zinazoitumia, lakini kwenye grupu la watu wengi ni salama zaidi kudhani yupo anayeitumia.

Kwa hali kama hii, kufuta ni kwa lazima, ila kamati nayo iwaambie wale watano usiku huo huo kabla hawajasikia kwa jirani. Msimamizi wa grupu la wazazi pia anaweza kusaidia ikiwa mweka hazina hana mtandao: yeye ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa wote, na alama itaonyesha kwamba aliyefuta ni msimamizi.

Kama kosa lilikuwa tarakimu tu, tuseme umeandika 50,000 badala ya 5,000, wala usifute. Ndani ya dakika 15 chagua `Edit` usahihishe. Litabaki neno dogo la kuonyesha kwamba umehariri, ambalo halimshtui mtu kama ile alama ya kufutwa.