Ulipe mkopo wa riba kubwa kwanza, au uanze kuwekeza?

Kulipa deni kabla ya muda wake ni namna ya kuwekeza. Shilingi unayoipeleka kwa mkopeshaji inakuepusha na riba ambayo ungelipa miezi ijayo, na riba hiyo iliyoepukwa ndiyo faida yako. Haitegemei soko, wala haingoji mwisho wa mwaka. Kwa hiyo jibu la kawaida ni rahisi: linganisha riba ya mkopo na faida ya uwekezaji, kisha peleka pesa penye asilimia kubwa.

Tanzania, kwa mikopo midogo, ulinganisho huo haufiki mbali. Taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana zimewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Upande wa pili, hata hatifungani ya Serikali ya miaka 25, ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, ilitoa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Hiyo haifiki asilimia moja na nusu kwa mwezi. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS nayo haina njia ya kuishinda asilimia 3.5 ya kila mwezi, na wale wanaokopesha nje ya utaratibu, ambao mtaani mikopo yao inaitwa kausha damu, wanatoza zaidi ya hapo. Ungedhani basi mjadala umekwisha: lipa deni.

Haujakwisha, kwa sababu kuna swali moja ambalo wakopaji wengi hawaulizi: ukimaliza mkopo mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa au unailipa vilevile?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya jinsi riba inavyopigwa. Benki kwa kawaida hutoza riba juu ya salio linalopungua, yaani kila ukilipa rejesho, riba ya mwezi unaofuata inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Wakopeshaji wengi wadogo hutumia riba isiyopungua: wanaikokotoa juu ya kiasi ulichokopa siku ya kwanza, wanazidisha kwa idadi ya miezi, kisha jumla yote wanaigawa kwenye marejesho.

Chukulia muuguzi wa Morogoro aliyekopa shilingi 2,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi isiyopungua. Kila mwezi riba ni 70,000, kwa mwaka 840,000. Atarejesha 2,840,000, sawa na takriban 236,700 kila mwezi. Mkopo huohuo kwa asilimia ileile, lakini juu ya salio linalopungua, ungemgharimu riba ya kama 484,000 tu. Tangazo la mkopo linaweza kuandika 3.5 pande zote mbili, na hakuna aliyedanganya. Ila ukiigeuza ile isiyopungua iwe riba ya salio linalopungua, inakaribia asilimia 5.9 kwa mwezi. Tazama mwezi wa mwisho: deni la msingi lililobaki ni 166,700 hivi, lakini riba bado ni 70,000.

Sasa muuguzi huyu amelipa marejesho sita, na amepata malimbikizo ya mshahara, shilingi 1,500,000. Amebakiwa na deni la msingi la 1,000,000 na riba ya 420,000. Afanye nini?

Ikiwa mkopeshaji anafuta riba ya miezi isiyofikiwa, alipe leo. Atatoa 1,000,000 na mkopo utaisha. Zile 236,700 alizokuwa akikatwa kila mwezi anaweza kuanza kuziweka mwenyewe, na baada ya miezi sita atakuwa na 1,420,000 na ushei. Angechagua kuiweka ile milioni kwenye mfuko unaotoa, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka, huku akiendelea kurejesha kutoka mshaharani, angeishia na 1,061,500. Tofauti inazidi 350,000. Kumbuka pia kwamba kwa mkopo wa namna hii anatozwa 70,000 kwenye milioni moja iliyobaki, yaani asilimia 7 kwa mwezi, na asilimia hiyo inapanda kadiri deni la msingi linavyopungua. Wanaosema “nimeshafika katikati, ngoja nimalizie tu” wanakosea hesabu hapa, alimradi riba inafutwa.

Ikiwa mkataba unasema riba yote inalipwa hata ukimaliza mapema, jibu linageuka kabisa. Kumaliza leo kunamgharimu 1,420,000, pesa ileile ambayo angeitoa kidogo kidogo kwa miezi sita. Hajaokoa hata senti. Akiiweka 1,420,000 kwenye mfuko na kutoa rejesho moja kila mwezi, kwa kiwango kilekile cha asilimia 12, atapata kama 50,000 za kwake. Mkopo huu una riba ya kutisha, na bado kuwekeza kunashinda kuulipa mapema, kwa sababu ile riba imeshageuka kuwa sehemu ya deni na huwezi tena kuikwepa. Ushauri wa jumla wa “maliza madeni kwanza” unamletea hasara mtu wa namna hii.

Katikati ya majibu hayo mawili wapo wanaofuta riba lakini wanatoza adhabu ya kumaliza mapema, au wanakudai riba ya mwezi mmoja au miwili ya ziada. Hapo unatoa adhabu kwenye riba inayofutwa, na kinachobaki ndicho faida yako. Kuwa mwangalifu zaidi na malipo ya sehemu: ukipeleka 400,000 badala ya kumaliza deni lote, baadhi ya wakopeshaji huihesabu kama marejesho ya miezi inayofuata yaliyolipwa mapema, na riba haipungui. Ndiyo maana kabla ya kutoa pesa unaomba kwa maandishi kiasi cha kumaliza mkopo kwa tarehe fulani. Kikilingana na marejesho yaliyobaki yakijumlishwa, ujue hakuna kilichofutwa. Jibu la mdomo la ofisa mikopo halitoshi.

Hata pale kulipa kunaposhinda, asiimalize pesa yote. Muuguzi wetu akilipa milioni moja anabaki na 500,000, na hizo ningeziacha zilivyo, kwenye akaunti au Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao vipande vyake huuzwa na pesa kufika ndani ya siku chache za kazi. Mtu anayemaliza deni akabaki mkavu, mtoto akiugua wiki ijayo atakopa kwenye simu kwa riba inayofanana na ile aliyoikimbia.

Kwa upande mwingine kuna deni ambalo halina haraka hata kidogo. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu walikuwa wakitozwa asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, na deni lenyewe haliongezeki. Mwenye mkopo huo, akipata malimbikizo kama ya muuguzi wetu, aache makato yaendelee na pesa aipeleke kwenye vipande au hatifungani.